Jedwali limejaa namba, komite haioni kitu: dalili, chanzo na dawa

Jedwali bovu hujulikana mkutanoni. Karatasi zinagawiwa, watu wanainama, kimya kinatanda, halafu Mama Prezida anainua kichwa: «Sekretere, hapa niangalie wapi?» Sekretere anajibu, «Mama, kila kitu kiko humo ndani.» Ni kweli kiko humo. Ndiyo maana hakionekani.

Mwongozo huu unafuata jedwali moja la aina ambayo vyama vya kahawa vya huku Bukavu na pande za ziwa hutengeneza kila mwezi wa msimu: vituo sita vya kuoshea, kila kimoja kimepokea serize, yaani matunda ya kahawa, kutoka kwa wakulima na kutoa parche kavu, yaani punje zilizooshwa na kukaushwa zikiwa bado ndani ya ganda lake jembamba. Namba nimezitunga kwa ajili ya mfano, lakini makosa yaliyomo ni ya kila siku. Menyu na fomula ni za Excel ya Kifaransa, maana ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za huku.

Dalili ya kwanza: macho hayajui pa kuanzia

Jedwali letu lina safu wima kumi na tano: namba ya mfululizo, kituo, kode ya kituo, jimbo, teritwari, jina la mkuu wa kituo, simu yake, idadi ya wakulima, serize kwa kilo, bei ya kilo, malipo kwa faranga, malipo kwa dola, parche kwa kilo, uwiano, na maelezo. Ili yote yaenee kwenye A4 iliyolazwa, herufi zimepunguzwa hadi ukubwa wa 7.

Wengi hapa hukimbilia kupunguza ukingo wa karatasi au kununua karatasi ya A3. Tatizo si karatasi. Jedwali hili linawahudumia watu wanne kwa wakati mmoja. Mhasibu anataka malipo, afisa wa shambani anataka idadi ya wakulima, mtunza kumbukumbu anataka kode na simu, na komite inataka kujua jambo moja tu: kituo gani kitembelewe kabla ya kutoa fedha za mwezi ujao.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, andika swali la msomaji juu kabisa ya ukurasa, kwa sentensi nzima. Kisha pita kwenye kila safu ukiiuliza: ukiondoka, jibu la swali hili litabadilika? Jimbo linaondoka kwanza, kwa sababu mistari yote sita imeandikwa «Sud-Kivu». Kinachofanana kila mahali kinakwenda kwenye kichwa cha jedwali mara moja. Dola zinaondoka kwa sababu ni zile faranga zilizogawanywa kwa kiwango kimoja cha siku, hazina habari mpya. Namba ya mfululizo, kode, teritwari, simu, jina la mkuu wa kituo na idadi ya wakulima zinabaki kwenye daftari kuu. Bei na malipo ni ya mhasibu, naye ana ukurasa wake. Safu ya maelezo ilikuwa na maneno kwenye mistari miwili tu, ilhali ilikula robo ya upana wa karatasi. Maneno hayo mawili yatashuka chini ya jedwali kama sentensi.

Zimebaki nne: kituo, serize, parche, uwiano. Uwiano maana yake ni kilo ngapi za serize zimetoa kilo 1 ya parche kavu. Kwa arabika iliyooshwa vizuri namba hiyo huzunguka 5, ikipanda au kushuka kidogo kulingana na jinsi tunda lilivyoiva na mahali lilipolimwa. Ndiyo namba inayojibu swali la komite. Serize na parche ziko pale ili mtu aone imetoka wapi.

Usifute safu hizo kwenye faili la asili. Acha daftari kuu na safu zake kumi na tano kwenye ukurasa wake, na jedwali la komite liwe ukurasa mwingine unaovuta namba kutoka huko. Na kuna majedwali ambayo hayapaswi kukatwa kabisa: orodha ya malipo ambayo kila mkulima anaweka sahihi au kidole lazima ibaki nene, kwa sababu hiyo haisomwi, inakaguliwa mstari kwa mstari.

Jambo moja la mwisho kwenye hatua hii ni mpangilio wa mistari. Kupanga kituo A hadi F kwa alfabeti hakumwambii mtu chochote. Panga daftari kuu kwa uwiano, mkubwa juu, na jedwali la komite litafuata. Ukipanga, Excel ikiuliza, chagua `Étendre la sélection`. Ukichagua lile jingine, safu moja itapangwa peke yake na uwiano wa kituo kimoja utakaa kwenye mstari wa kituo kingine, na hakuna kitakachopiga kelele.

Dalili ya pili: jumla ya chini inatoa uwiano wa ajabu

Sasa tumebaki na safu nne, lakini mstari wa jumla unasema uwiano wa vituo vyote ni 3,9. Parche iliyokauka haifiki hapo. Vituo vitano kila kimoja kina uwiano unaoeleweka, na cha C kina nafasi tupu.

Angalia namba zilivyokaa ndani ya seli. Kwenye jedwali hili mtu alichagua safu zote na kubonyeza kuweka katikati, kwa sababu ilionekana nadhifu. Kuweka namba katikati ndiko kulikoficha ugonjwa. Excel ikiachwa yenyewe husukuma namba kulia na maneno kushoto, na hiyo ni alama ya bure inayokuonyesha ni seli gani imekubaliwa kuwa namba. Basi rudisha hali ya mwanzo: chagua safu, bofya kulia, `Format de cellule`, kisha `Alignement`, na kwenye `Horizontal` weka `Standard`. Mara moja serize za kituo C, zilizoandikwa 24.315, zinarukia kushoto peke yake huku nyingine zikienda kulia.

Chanzo ni nukta. Kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa inatambua koma kuwa alama ya desimali na nafasi kuwa mgawanyo wa maelfu. Aliyeandika 24.315 alimaanisha kilo elfu ishirini na nne na mia tatu na kumi na tano, lakini kompyuta imeona neno. `SOMME` huruka maneno bila kusema chochote, kwa hiyo jumla ya serize ikawa 62 411 badala ya 86 726. Fomula ya uwiano kwenye mstari wa C ilitoa `#VALEUR!`, na mtu aliyechukizwa na kosa hilo akalifunika kwa `SIERREUR`. Hapo alarmu ya mwisho ikazimwa. Binafsi simruhusu mtu kutumia `SIERREUR` kabla hajajua kosa limetoka wapi.

Ukiwa na mistari mia mbili huwezi kutegemea macho. Weka fomula hii mahali pembeni:

```
=NBVAL(B2:B7)-NB(B2:B7)
```

Sehemu ya kwanza inahesabu seli zenye kitu chochote, ya pili inahesabu namba tu. Ikitoa 0, safu ni safi. Ikitoa 1, kuna neno moja limejificha.

Kurekebisha kunahitaji umakini kuliko kugundua. Nukta ya 24.315 ni ya maelfu, inatakiwa kuondoka. Lakini kituo D kingeweza kuwa kimeandikiwa 6240.25, na hapo nukta ni ya desimali, inatakiwa kuwa koma. Ukiamuru Excel iondoe nukta zote kwenye safu, kituo D kitaruka hadi 624 025. Tarakimu tatu baada ya nukta huwa ni dalili ya maelfu, ila si uthibitisho; mizani ya gramu nayo hutoa tarakimu tatu. Fungua buku la mapokezi la kituo, soma jumla iliyoandikwa kwa kalamu, kisha rekebisha seli moja moja. Kama ni nyingi na zote ni za maelfu, tumia:

```
=CNUM(SUBSTITUE(B2;".";""))
```

Kuna ndugu wa kosa hili ambaye ni mbaya zaidi. Mtu akiandika nukta kwa kutumia kile kibao cha namba kilicho upande wa kulia wa kibodi, Excel ya Kifaransa huigeuza kuwa koma yenyewe. Sasa 24.315 inakuwa 24,315, yaani kilo ishirini na nne na gramu kadhaa. Ni namba halali, imekaa kulia, `NBVAL` na `NB` zinakubaliana, na kila kitu kinaonekana kiko sawa. Jumla tena inatoa uwiano wa 3,9.

Huyu anakamatwa kwa kupanga namba vizuri. Ukizisukuma zote kulia, zote zikiwa na desimali idadi moja, mamoja yanakaa chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, na urefu wa namba unakuwa kama fimbo: 24 315 inatokeza kushoto kuliko 9 870. Katikati ya fimbo hizo, «24» ni kijiti kifupi ambacho jicho linakigonga kabla hata ya kusoma. Kama kila seli ina desimali zake, moja 24,315, nyingine 18462,5, nyingine 9870, urefu haumaanishi kitu tena na kijiti kinajificha. Kwa hiyo toa umbo moja kwa safu nzima. Kwenye `Format de cellule`, chini ya `Personnalisée`, andika kwa serize na parche:

```
# ##0
```

na kwa uwiano:

```
0,0
```

Kichwa cha safu ya namba nacho kikae kulia, juu ya namba zake. Majina ya vituo yabaki kushoto. Kitengo kiandikwe kwenye kichwa tu. «Kg» ikirudiwa kwenye kila seli inakuwa takataka, tena ikiandikwa kwa mkono inageuza namba kuwa neno, na tunarudi tulikotoka.

Ukiona namba zimekaa kulia vizuri lakini bado zinapanda na kushuka kama meno, chanzo ni fonti. Georgia, Candara, Constantia na Corbel zina tarakimu ambazo nyingine zinaning'inia chini ya mstari. Kwenye barua zinapendeza, kwenye jedwali zinasumbua. Arial au Calibri inatosha.

Dalili ya tatu: namba sahihi, lakini hakuna anayezikumbuka

Hii ni fupi. Uwiano wa kituo A kwa hesabu kamili ni 5,102, na kuna watu wanaouacha hivyo kwa kuogopa kuitwa wavivu. Mizani yenyewe ya kituo haina usahihi wa kubeba tarakimu hizo. Mwaka 1977 mtakwimu A. S. C. Ehrenberg alishauri kubakiza tarakimu mbili zinazobadilika, kwa sababu ndizo mtu anaweza kuzilinganisha kichwani. 6,4 dhidi ya 5,1: hata mjumbe asiyependa hesabu anaona tofauti. Serize na parche mimi naziacha kwenye kilo kamili, kwa kuwa wakuu wa vituo hutaka kuiona namba yao ilivyo kwenye buku lao, na wasipoiona ubishi unaanza.

Lakini punguza kwa umbo la seli, usiandike upya namba iliyopunguzwa. Na uwiano wa mstari wa jumla upatikane kwa kugawanya jumla ya serize kwa jumla ya parche. Ukichukua wastani wa uwiano sita unapata 5,2, ilhali hesabu sahihi ni 5,4, kwa kuwa kituo C ni kikubwa na kinavuta uzito wake.

Dalili ya nne: kila seli ina rangi

Jedwali la asili lilikuwa na kichwa cha buluu, mistari ya kijivu na myeupe kwa zamu, jumla ya njano, na safu ya uwiano iliyopakwa kuanzia kijani hadi nyekundu. Rangi zikiwa kila mahali, jicho linarudi kwenye swali la Mama Prezida.

Chanzo cha kwanza ni kile kifaa kinachoitwa `Nuances de couleurs` ndani ya `Mise en forme conditionnelle`. Kinapaka kwa kulinganisha seli zenyewe kwa zenyewe. Vituo vyote vikiwa kati ya 5,1 na 5,3, yaani vyote vizima, bado kimoja kitapakwa nyekundu kwa sababu ni lazima mmoja awe wa mwisho. Mkuu wa kituo hicho ataitwa kujieleza kwa kosa ambalo halipo.

Ondoa rangi zote, kisha weka kanuni yenye mipaka iliyoamuliwa kabla ya kuona namba za mwezi. Mipaka hiyo itoke kwenye misimu iliyopita ya vituo vyenu wenyewe. Kwa mfano wetu tuseme chini ya 4,8 na juu ya 5,6. Chagua seli za uwiano kuanzia D2, nenda `Nouvelle règle`, chagua kanuni inayotumia fomula, uandike:

```
=OU(ARRONDI(D2;1)<4,8;ARRONDI(D2;1)>5,6)
```

`ARRONDI` iko hapo kwa sababu moja: bila hiyo, uwiano wa 5,63 utaonyeshwa kama 5,6 na bado upakwe alama, na mjumbe atauliza kwa nini 5,6 hii imewekwa alama na ile ya juu haikuwekwa. Hutakuwa na jibu zuri.

Watu wengi huweka mpaka wa juu tu, wakidhani uwiano mdogo ni sifa. Siyo. Uwiano mkubwa maana yake serize nyingi zimetoa parche kidogo: matunda mabichi au matupu yamepokelewa, au parche imepotea njiani. Uwiano mdogo kupita kiasi mara nyingi una maana kwamba parche imepimwa ikiwa bado na maji, haijashuka kwenye unyevu wa asilimia 11 au 12, na uzito huo utayeyuka ghalani. Kwa hiyo ncha zote mbili zinapata alama, ila safari ya kuzikagua ni tofauti: kwa moja unabeba buku la mapokezi, kwa nyingine kipima unyevu.

Chanzo cha pili ni printa. Faili linatengenezwa kwa rangi, linapelekwa sekretaria publiki, linatoka kwa nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani vyote vinakuwa kijivu kile kile, na namba iliyo chini ya nyekundu iliyokolea haisomeki kabisa. Alama inayovuka printa salama ni herufi nene pamoja na kijivu chepesi. Jaribu kwa kutoa nakala ya fotokopi ya nakala. Ikiwa seli bado inajitenga na jirani zake, inatosha.

Baada ya yote, jedwali ni hili, nyota zikisimama badala ya herufi nene na kijivu:

```
Swali: kituo gani kitembelewe kabla ya malipo?
Aprili, Sud-Kivu

Kituo    Serize (kg)   Parche (kg)    Uwiano
C             24 315         3 798     *6,4*
F             15 730         2 967      5,3
B              9 870         1 899      5,2
A             18 463         3 619      5,1
E             12 108         2 375      5,1
D              6 240         1 485     *4,2*
Jumla         86 726        16 143      5,4
```

Chini yake sentensi mbili tu. Kituo C: kwa uwiano wa 5,2 kingetoa parche kilo 4 676, kwa hiyo pungufu ni karibu kilo 880, linganisha buku la mapokezi na la ghala. Kituo D: pima unyevu upya kabla ya kuhesabu uzito.

Mkijikuta alama zimefika seli nne kati ya sita, usipanue mpaka ili zipungue. Ama kuna jambo limevikumba vituo vyote, kama mvua iliyozuia ukaushaji, ama mipaka mliyoweka ni ya msimu mwingine. Kwa vyovyote hilo linaandikwa kwa sentensi juu ya jedwali, na alama zinaondolewa zote.

Dalili ya tano: kwenye karatasi ni safi, kwenye WhatsApp ni ukungu

Wajumbe wasiofika mkutanoni hupigiwa picha ya karatasi, na WhatsApp huibana picha hiyo mpaka 6 na 8 zinafanana. Safu nne zinaenea kwenye upana wa simu iliyosimama, ndiyo faida nyingine ya kukata. Usipige picha kwa kamera. Toa PDF kutoka Excel na uitume kama `Document`, ukurasa ukiwa umesimama, herufi ukubwa wa 14 au zaidi. Mwenye simu isiyofungua PDF mwandikie zile sentensi mbili za chini kama ujumbe wa kawaida. Za C na D ndizo anazohitaji, nne zilizobaki zinaweza kusubiri.